Mashine ya Bwana Shayo

Jumatatu, Bi Rehema wa Tanga alipokea barua ya posta kutoka kwa Bwana Shayo wa Moshi: "Nauza mashine yangu ya kusaga kwa shilingi milioni 8. Nitakusubiri hadi Ijumaa saa kumi alasiri." Jumanne Bi Rehema akamtumia ujumbe wa simu: "Shikamoo Mzee Shayo. Je, unaweza kupokea milioni 4 sasa, na nyingine 4 mwisho wa mwezi?" Bwana Shayo hakujibu. Jumatano akamwuzia Bwana Mushi mashine ileile kwa milioni 9 na nusu, ambayo ndiyo bei ya mashine za aina hiyo sokoni. Alhamisi saa mbili asubuhi, binamu yake Bi Rehema anayeishi Moshi alimpigia simu, akamwambia ameiona mashine ikipakiwa kwenye gari la Mushi. Saa sita mchana siku hiyohiyo Bi Rehema akaenda posta, akatuma barua ya rejista akisema amekubali kuinunua kwa milioni 8 taslimu. Ijumaa saa tatu asubuhi Bwana Shayo akamwandikia kwa simu: "Samahani mama, nimeshauza." Barua ya Bi Rehema ilimfikia Shayo Jumatatu iliyofuata. Bi Rehema alikuwa ameshalipia kodi ya miezi mitatu ya fremu ya kuweka mashine. Mshauri Bi Rehema.

Swali la namna hii hukutana nalo anayesomea shahada ya sheria, anayesomea uhasibu na hata anayechukua stashahada ya biashara. Watu na mashine nimewatunga mwenyewe, lakini muundo wake ni ule wa kwenye karatasi za mtihani: kisa kifupi chenye siku, saa, bei na maneno ya watu, kisha amri moja mwishoni. Angalia kwamba amri hiyo haisemi "eleza sheria ya mikataba." Inasema "mshauri." Hapo ndipo wengi wanapoteza alama, tena wanafunzi waliosoma hadi usiku wa manane.

Majibu mabovu huja kwa sura mbili. La kwanza humimina daftari zima. Linaanza na maana ya mkataba, likapita kwenye ofa, ukubali, malipo, umri wa wahusika na ridhaa huru, na mwisho kabisa, karatasi inapokaribia kuisha, linasema, "Kwa hiyo Bi Rehema ana haki." La pili husimulia upya kile ambacho mtahini amekiandika mwenyewe: Shayo aliandika barua, Rehema akajibu, Shayo akauza. La kwanza lina sheria isiyogusa kisa, la pili lina kisa kisichogusa sheria. Alama nyingi zimewekwa pale viwili hivyo vinapokutana ndani ya sentensi moja.

Kabla ya kugusa sheria, chora kalenda. Jumatatu ofa, Jumanne swali, Jumatano mauzo, Alhamisi asubuhi habari za binamu, Alhamisi mchana barua posta, Ijumaa asubuhi ujumbe wa Shayo, Jumatatu ya pili barua kufika. Katika sheria ya ofa na kukubali, nani alitangulia ni jambo linaloamua kesi, na mtahini hataji saa bure. Alipoandika "saa mbili" na "saa sita" za siku ileile, alikuwa anaweka saa nne katikati ili mwanafunzi ajiulize ni nini kilichobadilika ndani yake. Jambo lenye mvuto wa huruma, kama kodi ya fremu, nalo liandike pembeni. Halitusaidii kujua kama mkataba upo, ila linaweza kuwa na kazi baadaye.

Kalenda ikishakuwepo, maswali ya kisheria hujitokeza yenyewe. Yapo manne, na lililo gumu ni la tatu.

La kwanza ni ule ujumbe wa Jumanne. Sheria inasema anayeletewa ofa akajibu kwa kutaja masharti yake mwenyewe ameikataa ofa ile na kutoa yake, na ofa ya kwanza imekufa, haifufuki kwa sababu baadaye amebadili mawazo. Hilo liliamuliwa Uingereza mwaka 1840 katika kesi ya Hyde dhidi ya Wrench. Shamba lilikuwa linauzwa paundi 1,000, Hyde akataka kulichukua kwa 950, mwenye shamba akakataa. Hyde aliporudi kukubali 1,000 aliambiwa hakuna tena cha kukubali. Mwanafunzi mwenye haraka huona milioni 4 mbili, anakumbuka Hyde, na anamaliza kesi ya Bi Rehema palepale.

Lakini soma tena alichoandika. "Je, unaweza kupokea...?" Anauliza. Hajataja bei nyingine, hajasema "nitachukua kwa awamu mbili tu." Mwaka 1880, katika kesi ya Stevenson, Jacques dhidi ya McLean, mnunuzi wa chuma alituma simu ya maandishi kumwuliza mwuzaji kama angekubali malipo yasogezwe kadiri chuma kinavyopelekwa kwa muda wa miezi miwili. Mahakama ikasema lile lilikuwa swali la kutafuta maelezo, na ofa ilibaki hai. Sasa mwanafunzi anaandika kitu cha namna hii: "Maneno ya Bi Rehema yalikuwa swali, bei ilibaki milioni 8, na alichoulizia ni muda wa kulipa tu, kama mnunuzi katika kesi ya Stevenson. Kwa hiyo ofa ya Shayo haikufa Jumanne." Sentensi mbili, na kila kipande cha sheria kimeshika kipande cha kisa. Mwenye bidii ataongeza kwamba Shayo anaweza kudai kuwa malipo ya awamu mbili ni sharti jipya, kisha ataeleza kwa nini hoja hiyo ni dhaifu. Aongeze na kwamba ukimya wa Shayo haubadilishi kitu, kwa kuwa asiyejibu swali hajaondoa ofa yake.

Swali la pili halihitaji muda mrefu. Shayo aliahidi kusubiri hadi Ijumaa. Je, alikuwa huru kuuza Jumatano? Mtaani tungesema amevunja ahadi, na ni kweli. Kisheria, ahadi ya kuiacha ofa wazi haimfungi mtu kama hakupewa chochote kwa ajili yake. Bi Rehema hakulipa hata shilingi elfu ya kushikilia mashine. Kwa hiyo Shayo aliruhusiwa kuiondoa ofa yake kabla ya Ijumaa, mradi aiondoe kwa njia inayotambulika na kabla haijakubaliwa. Anayejaza ukurasa mzima hapa kwa kumlaani Shayo hapati kitu.

Sasa la tatu. Ujumbe wa Shayo mwenyewe ulifika Ijumaa, baada ya Bi Rehema kupeleka barua posta. Ukiwa ndio uondoaji pekee, umechelewa. Kwa hiyo kesi nzima inamwangukia binamu. Je, habari alizopata Bi Rehema Alhamisi asubuhi, kutoka kwa mtu ambaye Shayo hakumtuma, zilitosha kuiondoa ofa?

Hapa kuna kesi ambayo kila mwanafunzi wa sheria anaijua, na kisa chetu kimefinyangwa kwa mfano wake. Jumatano tarehe 10 Juni 1874, Dodds alimwandikia Dickinson kwamba anamwuzia nyumba zake kwa paundi 800, na ofa ingekuwa wazi hadi Ijumaa saa tatu asubuhi. Alhamisi Dickinson akasikia kutoka kwa mtu aitwaye Berry kwamba Dodds anaiuza mali hiyo, au ameshaiuza, kwa mtu mwingine. Jioni hiyo akaenda kuacha barua ya kukubali nyumbani kwa mama mkwe wa Dodds, na mama akasahau kuifikisha. Ijumaa saa moja asubuhi wakamfukuzia Dodds stesheni ya treni na kumkabidhi nakala mkononi. Akajibu kwamba wamechelewa. Mwaka 1876 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilimpa Dodds ushindi. Dickinson alijua fika kwamba mwenzake hana tena nia ya kumwuzia, na mtu hawezi kuikubali ofa ambayo anajua imeshaondolewa, hata kama habari hizo hazikutoka kwa mwuzaji mwenyewe.

Ukiishia hapo, Bi Rehema ameshindwa. Binamu ndiye Berry, Mushi ndiye mnunuzi wa pili, na hadithi ni ileile. Wanafunzi wengi huishia hapo, nao hupewa alama za kutosha. Lakini kuna jambo ambalo kisa kililitaja mapema na wao wakalipita: Moshi na Tanga. Zote mbili ziko Tanzania Bara.

Mahakama zetu zilirithi sheria kwa njia mbili tofauti. Enzi za ukoloni, Kenya na Tanganyika zote zilitumia Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872. Mwaka 1961 zikaachana njia. Kenya iliamua kufuata sheria ya kimahakama ya Uingereza, na Sheria yake ya Mikataba, Sura ya 23, inasema hivyo kwenye kifungu cha 2. Tanganyika ilitunga sheria yake, ambayo leo ni Sura ya 345, lakini maneno yake mengi ni yale ya India. Kwa hiyo ukimweka Bi Rehema Mombasa na Shayo Voi, kesi ya Dickinson inaingia mlango wa mbele. Ukiwaacha Tanga na Moshi, lazima ufungue Sura ya 345 kwanza, kwa kuwa sheria iliyotungwa na Bunge hutangulia kesi za Uingereza.

Kifungu cha 6 cha sheria hiyo kinataja njia za kuiondoa ofa. Ya kwanza ni kwa mtoa ofa kumfikishia mwenzake taarifa ya kuiondoa. Maneno "mtoa ofa" ndiyo ya kupigia mstari. Taarifa inatakiwa itoke kwa Shayo, na binamu hakutumwa na Shayo. Ukisoma kifungu hicho kama kilivyo, habari za Alhamisi asubuhi zilikuwa umbea wa kweli, si taarifa ya mtoa ofa, na ofa ilikuwa bado hai saa sita mchana Bi Rehema alipofika posta.

Wakili wa Shayo hatakubali kirahisi. Atarudi nyuma hadi kifungu cha 3, kinachosema kwamba uondoaji unahesabiwa umefikishwa kwa tendo lolote la mhusika ambalo amekusudia liufikishe, au ambalo matokeo yake ni kuufikisha. Kuuza mashine na kuiacha ipakiwe garini mchana kweupe ni tendo la Shayo mwenyewe, atasema, na matokeo yake ni kwamba Bi Rehema alijua. Wakili wa Rehema atamjibu kwamba kupakia mashine ni kumkabidhi Mushi mali yake, hakukuwa na ujumbe wowote kwa mtu wa Tanga, na kwamba kifungu cha 6 kingekuwa hakina maana kama kila tendo lililoonwa na jirani lingekuwa taarifa.

Nani anashinda? Mimi naona hoja ya Rehema ina nguvu zaidi kwa maneno ya Sura ya 345, lakini mwanafunzi akiandika kinyume, akaonyesha vifungu vyote viwili na kuvibana kwenye kisa, atapata alama sawa na mwenzake. Wasahihishaji hawana jibu moja la siri kwenye swali kama hili. Wanachotafuta ni kama umeona kwamba binamu ndiye anayeamua kesi, na kama umepima pande zote mbili. Anayeandika "ofa iliondolewa" bila kusema na nani, lini, na kwa kifungu gani, amebahatisha, hata akiwa sahihi.

Nimesoma pia majibu yanayokimbia mahali pagumu kwa neno moja: "dhahiri." Ni dhahiri kwamba binamu hakuwa wakala. Ni dhahiri kwamba Rehema alijua. Ukikutana na neno hilo kwenye rasimu yako, lifute, uweke badala yake jambo lililo kwenye kisa. "Binamu hakuwa wakala, kwa kuwa kisa hakisemi Shayo alimtuma wala kwamba walifahamiana." Hapo msahihishaji ana kitu cha kuwekea tiki.

Swali la nne ni barua yenyewe. Ilitumwa Alhamisi ndani ya muda, ikafika Jumatatu, siku tatu baada ya muda kuisha. Ni siku gani inahesabika? Tangu kesi ya Adams dhidi ya Lindsell ya mwaka 1818, Waingereza wanasema kukubali kwa barua kunakamilika pale barua inapopostiwa, kama posta ni njia ambayo wahusika walitarajia. Sura ya 345 inafika karibu na hapohapo kwenye kifungu cha 4. Kwa upande wa mtoa ofa, kukubali kunakamilika barua inaposhika njia kiasi kwamba aliyeituma hawezi tena kuizuia. Bi Rehema alipokea ofa kwa posta akajibu kwa posta, na stakabadhi ya rejista inaonyesha siku. Kwa hiyo Shayo alifungwa Alhamisi saa sita. Na kwa kuwa kifungu cha 5 kinamruhusu mtoa ofa kuiondoa kabla tu kukubali hakujakamilika dhidi yake, ule ujumbe wa Ijumaa, "nimeshauza," ulikuta mkataba umeshafungwa.

Badilisha neno moja tu kwenye barua ya Shayo uone. Tuseme aliandika, "Jibu lako linifikie kabla ya Ijumaa saa kumi." Sasa si posta inayoamua, bali kufika. Mwaka 1974, katika kesi ya Holwell Securities dhidi ya Hughes, mkataba ulitaka mwuzaji apewe taarifa ya maandishi. Barua ilipostiwa ikapotea njiani, na mahakama ikasema kanuni ya posta haitumiki pale mtoa ofa mwenyewe ametaka jibu limfikie. Kwa neno "linifikie," barua ya Jumatatu imechelewa na Bi Rehema hana mkataba, hata binamu yake angekuwa hajazaliwa. Watahini wanapenda sana mchezo huu: kisa cha mwaka huu ni kile cha mwaka jana, kimebadilishwa neno. Aliyekariri jibu la mwaka jana anajulikana mara moja.

Limebaki lile neno "mshauri." Bi Rehema hataki kusikia kuhusu Dickinson, anataka kujua atapata nini. Kama ofa ilikuwa hai Alhamisi, ana mkataba, na Shayo ameuvunja. Mashine yenyewe iko kwa Mushi, ambaye kisa hakisemi kwamba alijua lolote, kwa hiyo ushauri wa busara ni kudai fidia. Kifungu cha 73 kinampa hasara iliyotokea kwa mwenendo wa kawaida wa mambo, na hasara ambayo pande zote mbili zilijua, wakati wa kufunga mkataba, kwamba inaweza kutokea. Mizizi ya kanuni hiyo iko kwenye kesi ya Hadley dhidi ya Baxendale ya mwaka 1854, ambayo kwa bahati nzuri nayo ilihusu kinu cha kusaga, kilichosimama huko Gloucester kwa sababu mtingo wake uliovunjika ulicheleweshwa njiani.

Hasara ya kawaida inapigika kwa vidole. Mashine ya aina ileile sokoni ni milioni 9 na nusu, yeye alikubaliana kwa 8, tofauti ni milioni 1 na nusu. Kodi ya fremu ni jambo jingine, maana hiyo haizaliwi na kila mauzo ya mashine. Kama kwenye mazungumzo yao Bi Rehema alimwambia Shayo kwamba ameshakodi mahali na anangoja mashine tu, kodi ya muda ambao fremu ilikaa bure inaweza kudaiwa, mradi aonyeshe pia kwamba alijitahidi kutafuta mashine nyingine au mpangaji mwingine. Kama hakumwambia, ni hasara yake mwenyewe. Kisa hakisemi lolote juu ya hilo, na mwanafunzi haruhusiwi kulijaza kwa kubuni, kwa hiyo anaandika yote mawili, "kama alijua" na "kama hakujua," kisha anamwambia Bi Rehema atafute ile barua ya rejista na ujumbe wote wa simu kabla ya kwenda kwa wakili.